Ukikimbia Moshi Jumapili, Jumatatu usipande mlima

Kama umejiandikisha Kilimanjaro Marathon na unataka familia ipate likizo humo humo, panga siku za baada ya mbio kwa makini kuliko siku yenyewe. Wengi hukimbia Jumapili, Jumatatu wakaenda maporomoko ya Materuni, Jumanne wakashuka ngazi za hoteli kinyumenyume.

Sababu iko kwenye njia. Mbio za kilomita 21 hupanda kuelekea Mweka, kisha hurudi mjini kwa mteremko. Unaposhuka, misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi ya breki: inakaza huku inavutwa. Nyuzi zake hupata michubuko midogo, na maumivu hayaji papo hapo. Huanza kesho yake na mara nyingi huwa makali siku ya pili. Kwa hiyo ukiamka Jumatatu unajiona mzima, usidanganyike. Njia ya Materuni nayo ina miteremko, na utaikanyagia misuli ile ile.

Chukua mfano wa baba anayekimbia kilomita 21, mama na watoto kilomita 5. Jumatatu waende chemchemi ya Chemka, upande wa Boma Ng'ombe. Maji yake ni ya vuguvugu, baba atanyoosha miguu bila kubeba uzito wa mwili. Kuna vina virefu, kwa hiyo mtoto asiyejua kuogelea asiachwe peke yake hata dakika moja, na ile kamba ya kurukia majini baba awaachie vijana. Jumanne watembee taratibu mjini, sokoni na kwenye mgahawa wa kahawa. Safari ya kurudi Dar iwe Jumatano, na kila basi linaposimama ashuke atembee kidogo, maana kukaa saa nyingi huweza kugandisha damu kwenye mishipa ya miguu.

Maumivu yakizidi, usikimbilie diklofenaki au ibuprofeni, hasa siku ya mbio ukiwa bado umepungukiwa maji. Dawa hizi hupunguza damu inayofika kwenye figo, na kwa mwenye shinikizo la damu huweza kulipandisha. Parasetamoli kwa kipimo cha kawaida inawafaa wengi zaidi, ila mwenye ugonjwa wa ini amwulize daktari kwanza. Kunywa maji kwa kufuata kiu; kujilazimisha lita nyingi kwa mkupuo hushusha chumvi mwilini na kuleta kichefuchefu, kichwa kuuma na kuchanganyikiwa.

Maumivu ya kawaida huwa miguu yote miwili na hupungua ndani ya siku chache. Mguu mmoja tu ukivimba na kuuma kwenye shavu, au mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, ahirisha matembezi uende hospitali siku hiyo hiyo. Mkojo wa namna hiyo unaweza kuwa ni misuli iliyovunjika ikipita kwenye figo. Kifua kikibana au pumzi ikikatika, usingoje hata hoteli ikuitie gari.