Pasi Iliyoshindwa Mahakamani

Chini ya sheria za pasi za Afrika Kusini, Mwafrika asiye na kibali hakuruhusiwa kukaa mjini zaidi ya saa 72. Machi 21, 1960, polisi waliwaua watu 69 huko Sharpeville walipoandamana kuzipinga. Dunia ilishtuka, lakini sheria zikabaki.

Pigo ambalo halisimuliwi vya kutosha lilitoka mahakamani. Aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja miaka 10 mfululizo alikuwa na haki ya kuishi mjini. Ili kuwanyima wengi haki hiyo, serikali iliwalazimisha vibarua kurudi kwao kila mwaka kufunga mkataba mpya, kisha ikadai kwamba utumishi wao umekatika. Ulikuwa ukatili wa makusudi, uliovikwa joho la sheria. Mehlolo Rikhoto, mfanyakazi wa Germiston, alishtaki. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba safari hizo hazikuvunja mfululizo wa kazi yake.

Wakati huo maelfu walikuwa wakihamia mijini bila kibali, wakikamatwa na kurudi tena. Mwaka 1986 serikali ikafuta pasi.