Mkufu mweusi shingoni: huenda ni pelagra

Mabaka ya pelagra hukaa pale jua linapopiga: shingoni, migongoni mwa mikono, juu ya nyayo, na huishia ukingoni mwa nguo. Ngozi huanza kama iliyoungua, kisha huwa nyeusi yenye magamba. Shingoni huzunguka kama mkufu. Mikono yote miwili hufanana, na huchoma zaidi kuliko kuwasha. Upele unaowasha usiku kati ya vidole ni ugonjwa mwingine.

Chanzo ni posho kila siku bila kitoweo. Mahindi yana vitamini B3, lakini mwili hauwezi kuipata vizuri. Mwaka 1990, karanga zilipokatika kwenye mgao, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 walioko Malawi waliugua.

Tazameni pia ulimi mwekundu unaouma, kuhara, kukosa usingizi na kuchanganyikiwa. Huyo hajarogwa, mpelekeni kituo cha afya, au hospitali ya rufaa ya Jinja au Mbale akichanganyikiwa. Mwelezeni mhudumu kama anatumia isoniazidi ya kifua kikuu au pombe nyingi. Hutibiwa kwa vidonge vya nikotinamidi. Ulimi hupona ndani ya siku chache, ngozi huchukua wiki kadhaa. Mgonjwa afunike shingo, na posho yake iliwe na karanga, maharagwe au mukene.