Ruhusa ya kusoma mauzo

Mhasibu wa duka la jumla akitaka kuandaa ripoti ya mwezi, barua pepe anayowapelekea watu wa TEHAMA mara nyingi huwa ya mstari mmoja: "Naomba mniunganishe na hifadhidata ya mauzo." Hukaa wiki bila jibu, wala si dharau. Anayeisoma hajui anaombwa jedwali lipi, kwa kazi gani, hadi lini, na data ikivuja atakayeulizwa ni yeye.

Hii ingejibiwa siku hiyohiyo:

"Habari za kazi. Naomba ruhusa ya kusoma tu jedwali la mauzo, kwa ajili ya ripoti ya mwezi ya matawi. Nahitaji safu za tarehe, tawi, bidhaa, kiasi na hali. Majina na simu za wateja sizihitaji. Nitachukua data tarehe 1 ya kila mwezi, baada ya saa 3 usiku. Meneja wa mauzo ameidhinisha, naye nimemwekea nakala. Ruhusa ikome 31 Desemba. Nenosiri msilitume kwa barua pepe, nitapita kulichukua."

Saa imetajwa kwa sababu kusoma tu nako kuna gharama. Kweli hutafuta wala kubadilisha kitu, lakini ukijumlisha mauzo ya mwaka mzima saa sita mchana, seva inaweza kuelemewa na foleni ya kaunta ikasimama. Kama kampuni ina nakala ya hifadhidata iliyotengwa kwa ripoti, omba hiyo.

Kuacha majina ya wateja nako kunapunguza maswali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na ripoti ya matawi haina haja na simu ya mtu.

Safu inayosahaulika ni ile ya hali. Mteja akirudisha mzigo, mifumo mingi haifuti mauzo yale. Huyawekea alama kwamba yamebatilishwa. Usipoiomba safu hiyo utayahesabu, na jumla yako itazidi ya vitabu vya uhasibu. Ukiona tofauti ya namna hiyo, anzia hapo.

Kwa fundi anayetumia PostgreSQL, kazi yenyewe ni mistari miwili, mtumiaji wa ripoti akishafunguliwa:

```sql
GRANT SELECT (tarehe, tawi, bidhaa, kiasi, hali) ON mauzo TO ripoti;
ALTER ROLE ripoti SET statement_timeout = '5min';
```

Wa pili hukatisha swali lolote linalopita dakika 5.

Siku ya kwanza wengi huandika `SELECT * FROM mauzo`, wakajibiwa `permission denied for table mauzo`, kisha wakapiga simu kulalamika kwamba ruhusa haijatolewa. Imetolewa. Nyota ile inaomba safu zote, pamoja na zile za wateja. Taja safu zako tano kwa majina, data itatoka.