Asali Kila Mwezi: Ahadi Inayopigiwa Hesabu Ghalani

Barua pepe za wauzaji wa asali hufanana sana. Husifu asali kuwa safi, ya asili, isiyochanganywa na kitu, kisha humalizia kwa ahadi: "Tutawaletea kila mwezi bila kukosa." Mzalishaji huona hapo ndipo alipomaliza kazi. Meneja ununuzi wa hoteli au supamaketi huona hapo ndipo maswali yanapoanzia, kwa kuwa nyuki hawatoi asali kila mwezi.

Katika misitu ya miyombo ya Tabora, Katavi na Singida, asali huja kwa msimu. Miti kama miyombo na mitundu ikichanua, nyuki hujaza masega. Maua yakikauka, hula akiba yao wenyewe. Sehemu nyingi za ukanda huo hupata mavuno makubwa baada ya mvua kuisha, na mavuno mengine madogo kuelekea mwisho wa mwaka. Mvua ikichelewa au moto ukipita msituni, mavuno madogo yanaweza yasiwepo kabisa. Kwa hiyo anayeahidi kupeleka mzigo kila mwezi anaahidi asali iliyokwisha kuvunwa, iliyoko ghalani. Kabla ya kugusa kompyuta au simu, anatakiwa kujua ana kilo ngapi na zitamfikisha mwezi gani.

Chukua mfano wa kikundi cha wafugaji nyuki wa Sikonge, mkoani Tabora, ambacho mwezi Juni kimevuna na kuchuja kilo 1,200. Ukizigawanya kwa miezi 12 unapata kilo 100 kwa mwezi, sawa na chupa 200 za nusu kilo. Kikundi kikiziahidi zote, kimejifunga. Asali nyingine hubaki kwenye ndoo na kwenye kichujio, chupa chache huvunjika barabarani, sampuli nazo hutoka humo humo, na mavuno yajayo yanaweza kuchelewa. Ahadi salama zaidi ni kilo 75 kwa mwezi, yaani kilo 900 kwa mwaka. Kilo 300 zinabaki: 100 za hasara na sampuli, na 200 za kuziba pengo mavuno yakichelewa. Hizo 200 zinatosha kupeleka mizigo ya miezi miwili na zaidi kidogo.

Upande wa pili wa hesabu ni matumizi ya mnunuzi. Hoteli haihesabu chupa, inahesabu vifungua kinywa. Hoteli inayohudumia wageni 60 kila asubuhi, kila mmoja akitumia wastani wa gramu 10, humaliza gramu 600 kwa siku, ambazo ni kilo 18 kwa siku 30. Hoteli ya namna hiyo huenda isihitaji chupa za nusu kilo hata kidogo. Itataka ndoo kwa ajili ya jikoni, na pengine vichupa vidogo vya mezani. Supamaketi ni tofauti: inataka chupa yenye lebo, tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya bechi na barkodi inayosomeka kaunta. Kikundi chetu kikipata hoteli mbili za kiasi hicho, kilo 36 zimeshapata mwenyewe. Zinabaki kilo 39, sawa na chupa 78 za nusu kilo, na hiyo ndiyo idadi inayoweza kuandikwa kwenye barua ya supamaketi.

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi hulipima bila kulisema. Anataka kujua kama asali ya Februari itakuwa sawa na ile ya Agosti.

Hapo unyevu ndio unaoamua mambo. Kiwango cha kimataifa cha Kodeksi kinataka asali ya kawaida ya nyuki wanaouma isizidi asilimia 20 ya maji. Ikizidi hapo, chachu zilizomo huweza kuamka na asali ikaanza kuchachuka ikiwa ndani ya chupa: povu hujitokeza juu, kifuniko huvimba, harufu inakuwa ya uchachu. Tatizo huanzia msituni. Sega likikatwa kabla nyuki hawajalifunika kwa nta, asali yake bado ni majimaji. Linaweza pia kuanzia ghalani, kwa sababu asali hunyonya unyevu wa hewani. Ndoo iliyoachwa wazi, hasa ikishafika pwani, huharibu kazi iliyofanywa vizuri Sikonge. Asali ya nyuki wadogo wasiouma kwa asili ina maji mengi zaidi, hivyo haifai kuchanganywa humo wala kupimwa kwa kiwango hicho hicho.

Kipimo chake si kigumu. Kipima unyevu cha mkononi huwekewa tone moja la asali kwenye kioo, mpimaji huchungulia kwenye mwanga na kusoma asilimia. Kila ndoo ipimwe peke yake, kwa kuwa ndoo moja mbaya ikimwagwa kwenye pipa la nzuri tisa haionekani tena. Asali iliyosoma 18 ina nafasi ya kutosha chini ya kikomo. Iliyosoma 21 isiwekwe kwenye chupa za mkataba, hata kama ladha yake ni tamu kuliko zote.

Rangi na ladha nazo hubadilika kulingana na maua. Mavuno ya Juni yanaweza kuwa na rangi tofauti na ya Desemba, na yote yakawa asali halisi. Kikundi kinaweza kuchanganya ndoo za mavuno mamoja ili bechi nzima ifanane, kisha kikahifadhi chupa moja ya kila bechi, imefungwa na kuandikwa namba. Mteja akilalamika mwezi wa tano, chupa hiyo ndiyo inayofunguliwa kulinganishwa.

Kutokana na hayo inaeleweka kwa nini sampuli haipaswi kuteuliwa kwa uzuri wake. Wapo wanaochagua asali ya kupendeza kuliko zote, wakampelekea mpishi mkuu, kisha mzigo wa kwanza ukafika ukiwa mweusi na wenye harufu ya moshi. Mpishi hahitaji maabara kuona tofauti. Anazo chupa mbili mezani. Sampuli itoke kwenye bechi ile ile itakayouzwa, na ibebe namba ile ile ya bechi.

Baada ya hesabu na vipimo, barua yenyewe huwa fupi. Ile ya supamaketi inaweza kusomeka hivi:

*Kichwa: Asali ya Sikonge: chupa 78 za nusu kilo kila mwezi, Agosti hadi Julai*

*Kwa Meneja Ununuzi,*

*Sisi ni kikundi cha wafugaji nyuki wa Sikonge, mkoani Tabora. Mwezi Juni tulivuna na kuchuja kilo 1,200 za asali, ambazo tunazo ghalani. Kutoka katika akiba hiyo tunaweza kuletea duka lenu chupa 78 za gramu 500 kila mwezi, kuanzia Agosti mwaka huu hadi Julai mwakani. Mzigo utafika wiki ya kwanza ya kila mwezi.*

*Unyevu wa bechi hii ni asilimia 18. Tumeambatanisha cheti cha TBS, majibu ya maabara na bei ya chupa pamoja na usafiri hadi kwenu. Kila chupa ina barkodi, namba ya bechi na tarehe ya mwisho wa matumizi.*

*Tunaomba kuwaletea chupa mbili za sampuli za bechi hiyo hiyo, bila malipo, Jumanne ijayo. Moja ni ya kuonja, nyingine ibaki imefungwa mahali penu ili muone inavyokaa. Tafadhali tujulisheni saa inayowafaa na mtu wa kumkabidhi.*

*Wenu katika biashara,*

Kisha hufuata jina, cheo katika kikundi na namba ya simu inayopokelewa.

Barua ya hoteli hubadilika mahali pachache tu, lakini ni mahali penye uzito: badala ya chupa 78 inasema kilo 18 kwenye ndoo zilizofungwa, na badala ya barkodi inauliza wageni wanaokula kifungua kinywa ni wangapi. Ndiyo sababu kutuma barua moja kwa anwani 40 kwa mpigo hakufai. Kila mpokeaji huona orodha ya wenzake, na kila mmoja hujua kwamba kilo zilizotajwa haziwezi kuwa zake zote.

Cheti cha TBS hakitajwi kwa mapambo. Tangu 2019, Shirika la Viwango Tanzania ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula, kazi ambayo awali ilikuwa ya TFDA, na supamaketi kubwa haiweki rafuni chakula kisicho na vibali. Ambaye bado yuko kwenye maombi anaweza kusema wazi kwamba anasubiri, na akaanza na wanunuzi watakaomkubali baada ya vibali kutoka.

Sampuli iliyoachwa kwa mnunuzi inaweza kuganda, hasa Arusha, Iringa au kwenye chumba chenye kiyoyozi. Wengi wakiona chembechembe chini ya chupa husema imetiwa sukari. Kuganda ni tabia ya asali nyingi halisi: glukosi iliyomo hujitenga na kufanya chembe, na baridi ya nyuzi 14 hivi huharakisha zaidi. Mletaji wa sampuli aliseme hilo siku anapoikabidhi, kabla halijatokea, na aeleze namna ya kuirudisha: chupa iwekwe kwenye maji ya vuguvugu, yasiyozidi nyuzi 40, hadi ilainike. Maji yanayochemka huharibu harufu na rangi.

Mnunuzi akikubali, swali linalobaki ni lini atalipa, nalo hugusa ile ahadi ya kila mwezi moja kwa moja. Maduka mengi hununua kwa mali kauli: bidhaa huingia leo, fedha hutoka baadaye. Mwaka 2015 Uchumi ilipofunga maduka yake Tanzania na Uganda, wasambazaji wengi walibaki na madai mikononi. Hata kwa mlipaji mwaminifu, siku 60 ni nyingi kwa kikundi kidogo. Supamaketi ikichukua chupa 78 kila mwezi na kulipa baada ya miezi miwili, mzigo wa tatu unapoondoka Sikonge kunakuwa na chupa 234 ambazo fedha zake hazijaingia, au 156 kama malipo ya kwanza yamefika siku hiyo hiyo. Chupa tupu, vifuniko, lebo na nauli vyote vimelipiwa taslimu. Kikundi kisichoweza kubeba mzigo huo kina njia ya kuandika hivyo mapema: kianze na chupa 40 kwa mwezi, kiongeze hadi 78 baada ya malipo ya kwanza kuingia, na kilo zinazobaki kizielekeze kwa hoteli inayokubali kulipa mzigo unapofika.