Maswali Matatu Kabla ya Kotesheni

"Fundi, sola ya kuendesha bucha inagharimu kiasi gani?" Fundi wa umeme akipokea simu kama hii, hushawishika kutaja bei papo hapo. Lakini mteja ametaja kifaa anachodhani anakihitaji. Shida yenyewe bado haijajulikana.

Tuseme mpigaji ni mama mwenye bucha Dar es Salaam. Anasema umeme unakatika na nyama inaharibika. Swali la kwanza ni hili: "Mama, mara ya mwisho umeme ulipokatika, ilikuwaje?" Swali hilo linamtaka asimulie tukio moja, na hapo ndipo ukweli hutoka. Ulikatika saa kumi na mbili jioni, ukarudi saa tatu usiku. Nyama haikuharibika, maana friza iliyojaa ikiachwa imefungwa huhifadhi baridi kwa takriban saa 48. Kilichosimama ni msumeno wa kukatia mifupa, na wateja wa jioni wakaenda bucha jirani.

Hapo kazi imebadilika. Paneli za juani si lazima. Inveta na betri inayochajiwa na umeme wa kawaida vinatosha. Mota ya msumeno huvuta umeme mwingi sana inapowashwa, hivyo inveta iwe kubwa, lakini kwa kuwa msumeno hufanya kazi kwa dakika chache chache, betri inaweza kuwa ya wastani.

Swali la pili ni la fedha. Ukiuliza "Una bajeti gani?" wengi hutaja kiasi kidogo, wakihofia kupandishiwa bei. Uliza hasara: "Jioni kama ile unakosa faida ya kiasi gani? Kwa mwezi hutokea mara ngapi?" Akijibu shilingi 30,000 mara nane, hiyo ni 240,000 kwa mwezi, karibu milioni 2.9 kwa mwaka. Kisha taja kiwango: "Kazi ya namna hii inaweza kuwa kati ya milioni mbili na nusu na nne. Tuendelee?" Akiguna, umejua mapema.

La tatu ni nani anaamua. "Wewe ndiye unayeamua?" ni swali linalomvunjia heshima, na jibu lake karibu kila mara ni ndiyo. Bora useme, "Mliponunua friza, mlikaa na nani kukubaliana?" Huenda ukasikia kuwa mume wake ndiye aliyetoa fedha, na kwamba nyaya za jengo haziguswi bila ruhusa ya mwenye nyumba. Basi omba siku ya kwenda kupima ambayo mume atakuwapo, na ruhusa iwe imepatikana.

Kuna mteja atakayekwepa yote: "Wewe nitumie tu bei." Pengine ameshachagua fundi na anatafuta karatasi ya kulinganisha. Huyo mpe kiwango cha jumla kwa mdomo. Kotesheni yenye orodha ya vifaa isubiri hadi maswali yajibiwe, la sivyo fundi mwingine ataitumia kukushusha bei.