Risiti ya Ughaibuni na Taarifa ya Akaunti
Mama wa Kisumu anayeomba mkopo kwa kutegemea fedha za mwanawe aliyeko Saudia hufika na bunda la risiti. Risiti huthibitisha kwamba fedha zilitumwa. Haithibitishi kwamba zilimfikia yeye. Kwa hiyo kila risiti huwekwa kando ya taarifa ya akaunti, au ya M-Pesa, yakalinganishwa jina la mpokeaji, tarehe na kiasi. Ada ya kutuma haihesabiwi, na riali hugeuzwa shilingi kwa kiwango kilichoandikwa kwenye risiti yenyewe, si kiwango cha leo.

Tuchukue mfano wa risiti 6 za miezi 6, kila moja riali 600 kwa kiwango cha shilingi 34, yaani shilingi 20,400. Taarifa yaonyesha malipo 5 tu. Ya sita yaliingia katika akaunti ya shemeji. Jumla ni 102,000, nayo ikigawanywa kwa miezi 6 twapata 17,000 kwa mwezi. Hicho ndicho kipato cha kuandikwa, si 20,400. Na fedha zilizopitia kwake tu, zikielekea matanga au karo ya mtoto wa jamaa, nazo huondolewa, ingawa zimo katika akaunti.