Maji Yanayotoka Siyo Aliyokunywa

Nimekua nikisikia wakubwa wakisema mtu akiharisha asinyweshwe maji, utamzidishia. Nakumbuka mtoto wa jirani aliyenyimwa kikombe kwa nia njema kabisa. Midomo yake ilikuwa imekauka, macho yameingia ndani, analia bila machozi. Waliomnyima walikuwa wanampenda. Waliyaona yale maji yakitoka, wakadhani ndiyo yale yale aliyokunywa. Ili kuona kosa lilipo, inabidi tuhesabu maji yanayopita tumboni kwa siku moja.

Mtu mzima mwenye afya huingiza kama lita 2 za maji kwa siku, katika vinywaji na chakula. Lakini utumbo wake hupokea lita 8 hadi 9. Hizo nyingine ni zake mwenyewe: mate, majimaji ya tumbo, nyongo, majimaji ya kongosho na yale yanayotoka kwenye kuta za utumbo. Yote yametoka kwenye damu kwa mkopo, ili chakula kilainike na kusagika, na yote yanatakiwa kurudi. Utumbo mwembamba hurudisha sehemu kubwa. Kiasi cha lita moja na nusu huvuka na kuingia utumbo mpana, na mwisho wa safari maji yanayotoka na choo hayafiki hata glasi moja.

Utumbo mpana unafanyaje kazi hiyo? Hauna kifaa cha kuvuta maji. Unachovuta ni chumvi, na maji huifuata. Seli za ukuta wake zina vijilango vinavyopokea sodiamu, ile iliyo katika chumvi ya jikoni, na upande wa pili zina pampu zinazoisukuma iingie kwenye damu. Mwili ukipungukiwa na chumvi au maji, vitezi vilivyo juu ya figo hutoa homoni iitwayo aldosteroni, na vijilango huongezeka. Bakteria wema wanaoishi humo nao husaidia: huchachusha mabaki ya wanga yaliyoponyoka kusagwa, na asidi wanazozitoa zikifyonzwa, sodiamu na maji huingia pamoja nazo. Kwa msaada huo wote, utumbo mpana ukibanwa unaweza kurudisha lita 4 hata 5 kwa siku. Kwa hiyo utumbo mwembamba unaweza kuvurugika kidogo, wa nyuma yake ukafidia, na mwenye tumbo asijue kitu.

Kipindupindu huishinda akiba hiyo. Bakteria wake hawatoboi utumbo wala hawaungui ukuta. Hutua tu juu ya utumbo mwembamba na kutoa sumu. Mwaka 1959, mjini Kolkata, mtafiti Sambhu Nath De aliwachuja bakteria hao wote, akatia majimaji yaliyobaki kwenye vipande vya utumbo wa sungura. Vipande vilijaa maji. Bakteria hawakuwamo, ila sumu yao ilikuwamo.

Sumu hiyo ni protini yenye sehemu mbili za kazi. Moja hushika ganda la seli, nyingine huingia ndani na kwenda kwenye swichi ambayo kwa kawaida huwashwa kidogo kisha hujizima. Sumu huibana swichi hiyo ibaki imewaka. Seli hujaa ujumbe mmoja usiokoma: fungua milango ya kloraidi. Kloraidi humwagika ndani ya utumbo, sodiamu huifuata, na maji hufuata chumvi. Njia ya kawaida ya kurudisha sodiamu na kloraidi nayo hukwama. Utumbo uliokuwa unakusanya maji sasa unayatoa kwenye damu.

Kipindupindu kikali kinaweza kumtoa mtu mzima hadi lita moja kwa saa. Utumbo mpana uwezo wake wote wa kutwa ni lita 4 au 5, hivyo kinachoufikia unakipitisha kikiwa karibu vile vile, cheupe kama maji yaliyooshewa mchele. Hapa pana alama ya kusaidia kutambua. Kuhara maji mengi bila damu mara nyingi hutoka huko juu, kwenye utumbo mwembamba. Kuhara kidogo kidogo, mara nyingi, kwa kubanwa na damu, mara nyingi ni utumbo mpana wenyewe umejeruhiwa, na tiba yake ni nyingine.

Chukua mtu wa kilo 60. Akipoteza lita 3, ana kiu kali na macho yameanza kuzama. Akifikisha lita 6, mapigo kwenye kifundo cha mkono ni ya kutafuta, mkojo umekatika, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa. Ukimfinya ngozi ya tumbo, inabaki imesimama zaidi ya sekunde 2 kabla ya kulala. Kwa mtu asiyepata tiba, hatua zote hizo zinaweza kutokea kati ya asubuhi na jioni. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa Goma, watu karibu 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi wao kwa kuhara.

Bahati ni kwamba sumu huacha mlango mmoja bila kuugusa. Seli za utumbo mwembamba zina njia inayopitisha sodiamu pale tu inapoandamana na glukosi. Pakiti ya ORS ya lita moja imepimwa kwa ajili ya mlango huo: gramu 2.6 za chumvi, gramu 13.5 za glukosi, pamoja na potasiamu na sitreti kufidia vingine vilivyopotea. Sukari ikizidi, kama kwenye soda, huvuta maji kurudi utumboni, kwa hiyo usikadirie kwa macho penye pakiti. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha mchanganyiko wa namna hiyo wakimbizi waliokuwa Bangaon, India, baada ya dripu kuwaishia. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 hadi chini ya 4 katika kila wagonjwa 100.

Lakini ORS haizuii kuhara, na hapa ndipo akina mama wengi hukata tamaa. Seli iliyoshikwa na sumu haiponi. Husubiriwa ife na mpya ichukue nafasi yake, jambo la siku chache. Muda huo choo kitaendelea kutoka, pengine kingi, huku mtoto akipata nafuu. Angalia macho, machozi na mkojo, usihesabu safari za chooni. Mtoto wa kilo 10 aliyeanza kukauka apewe mililita 750 ndani ya saa 4, kijiko kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10 uanze tena, polepole zaidi. Mnyonyeshe kama kawaida. Huko Bangladeshi, watoto walioharisha kwa siku nyingi walipata nafuu upesi zaidi walipolishwa ndizi mbichi zilizopikwa, kwa kuwa wanga wake hufika utumbo mpana na kuwalisha wale bakteria wema.

Akilegea, akishindwa kunywa, au ngozi ikibaki imesimama ukiifinya, ORS ya nyumbani haitoshi tena. Anahitaji dripu sasa hivi. Yule mtu wa kilo 60 atapewa lita 6 ndani ya saa 3. Mpelekeni kituo cha afya mara moja, na kama bado ana uwezo wa kumeza, mnyweshe njia nzima.